Nyeri wana mlima, sisi tuna bahari: kutoa chumvi ni uniti ngapi?

Mwezi uliopita nilipanda Nyeri kwa shughuli ya nikaha upande wa wakwe. Nilifikia kwa shemeji yangu pale Majengo. Alfajiri nilipokwenda kutia udhu nilifungua mfereji kidogo tu, maji yakatoka kwa nguvu yakanilowesha kanzu mpaka kifuani. Shemeji akacheka. Akaniuliza, "Huko kwenu si bado mnanunua maji ya mkokoteni? Na bahari yote ile mnayo mlangoni?"

Nilimjibu kwa mzaha, lakini swali lake nilirudi nalo Mombasa. Si lake peke yake. Kila maji yanapokatika, kwenye vibaraza na kwenye makundi ya simu hutasikia jambo jingine: bahari ipo, mitambo ya kuchuja ipo, Waarabu wa Ghuba wanakunywa maji ya bahari miaka nenda miaka rudi, sisi tunakwama wapi? Na safari hizi kumezuka maneno mengine, kwamba kuna teknolojia mpya inayotoa chumvi "karibu bila umeme".

Mimi nilisomea stashahada ya mitambo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye pampu. Kwa hivyo hilo la "karibu bila umeme" siwezi kulipitisha hivi hivi. Kuna kiasi cha nishati ambacho hakuna mtambo, wa leo wala wa miaka mia ijayo, utakaoweza kwenda chini yake. Hesabu yake si ngumu, na mtu akiijua hadanganywi tena na muuzaji wala mwanasiasa.

Kwa nini Nyeri maji hutoka yenyewe

Tuanze huko juu. Mji wa Nyeri uko kama mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mto Chania unashuka kutoka msitu wa Aberdare na kupita pale mjini. Maji yanatekwa juu, yanasafishwa, kisha yanateremka kwa uzito wake mpaka majumbani. Hadithi inafanana kwa miji mingi inayouzunguka mlima: Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka. Pampu inahitajika pahala pachache, kwa sababu mteremko wenyewe ndio pampu.

Lakini maji yale ya mlimani yalitoka wapi? Yalitoka baharini, mengi yake kwenye hii Bahari ya Hindi yetu. Jua liliyafanya mvuke, chumvi ikabaki chini, upepo ukayabeba mpaka kwenye baridi ya mlima yakawa mvua. Kwa maneno mengine, mtu wa Nyeri anakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kama sisi tunavyotaka kufanya. Tofauti ni kwamba gharama amelipa jua. Na gharama hiyo ni kubwa ajabu: kugeuza mita moja ya ujazo ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto la karibu uniti 680.

Hapa tukubaliane vipimo. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita ishirini ishirini. Na uniti ninayosema ni ile ile unayonunua kwa tokeni, kilowati moja kwa saa moja.

Tungekuwa tunachemsha bahari kwa njia hiyo ya jua bila kurudisha joto lolote, hakuna mji ambao ungemudu. Njia inayotumika zaidi siku hizi ni nyingine: maji ya bahari husukumwa kwa presha kubwa dhidi ya utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Utando wa kwanza wa namna hiyo uliofaa kwa kazi ulitengenezwa California mwishoni mwa miaka ya 1950 na Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan. Wataalamu huiita njia hii osmosi ya kinyume. Swali letu ni moja: presha hiyo inatakiwa iwe kubwa kiasi gani, na kwa nini isiwe ndogo?

Chumvi inavuta maji

Chukua chombo, ukigawe katikati kwa utando ule. Upande mmoja tia maji ya Chania, upande wa pili tia maji ya bahari ya Likoni. Usiguse kitu. Baada ya muda utaona upande wa bahari unapanda. Maji matamu yanapenya utando yenyewe kwenda kwenye chumvi, hayarudi. Hiyo ndiyo osmosi, ile ile inayofanya embe mbichi lilotiwa chumvi litoe maji kwenye sahani.

Upande wa bahari utaendelea kupanda mpaka uzito wa maji yaliyopanda utoshe kuzuia mengine yasiingie. Presha inayosimamisha safari hiyo ndiyo shinikizo la osmosi. Mwanakemia Mholanzi Jacobus van 't Hoff, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kwanza ya kemia mwaka 1901, alionyesha kwamba kwa maji yenye chumvi isiyo nyingi shinikizo hili hupatikana kwa kanuni fupi:

π = c R T

Herufi c ni idadi ya chembe za chumvi zilizoyeyuka katika kila mita ya ujazo, R ni namba isiyobadilika, 8.314, na T ni joto likihesabiwa kutoka kwenye baridi ya mwisho kabisa, ambalo kwa bahari yetu ni karibu 300.

Sasa tupige hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Mtungi wa lita 20 una gramu 700, kiasi cha kukaribia robo tatu ya kilo. Tuchukulie yote ni chumvi ya mezani. Gramu 58.4 za chumvi hiyo ndizo moli moja, kwa hivyo kila lita ina moli 0.6, na mita ya ujazo ina moli 600. Lakini chumvi ikiingia majini haibaki chembe nzima, hupasuka ikawa chembe mbili, sodiamu na kloridi. Kwa hivyo c ni 1,200. Zidisha 1,200 kwa 8.314 kwa 300, utapata paskali milioni tatu hivi, yaani baa 30.

Ukipima bahari halisi utapata pungufu kidogo, karibu baa 27. Sababu ni mbili. Chembe za chumvi zinavutana zenyewe kwa zenyewe, hazitendi kama kila moja iko huru. Na chumvi ya bahari si ya mezani tupu, ina pia magnesiamu na salfeti, ambazo kwa uzito ule ule hutoa chembe chache zaidi. Tuchukue 27.

Baa 27 ni kitu gani? Tairi la gari dogo lina baa mbili na kidogo. Baa 27 ni uzito wa nguzo ya maji yenye urefu wa karibu mita 270. Yaani katika chombo kile chetu, kama kungekuwa na bomba refu la kutosha na bahari isiyozimuka, maji ya upande wa bahari yangepanda mita 270 yenyewe, bila pampu, yakivutwa na chumvi.

Kiwango ambacho hakishukiki

Sasa tugeuze kazi. Tunataka maji yatoke kwenye chumvi, yaje upande wetu. Lazima tusukume kwa presha inayozidi ile baa 27, hata kama ni kwa unywele. Kazi ya kusukuma ni presha mara ujazo. Baa 27 ni paskali milioni 2.7, mara mita moja ya ujazo, ni jouli milioni 2.7. Uniti moja ya umeme ni jouli milioni 3.6. Gawanya: uniti 0.75.

Hiyo ndiyo bei ya chini kabisa ya mita moja ya maji matamu kutoka bahari yetu. Robo tatu ya uniti kwa mitungi hamsini. Kwa mtungi mmoja ni kama kuwasha balbu ya wati kumi kwa saa moja na nusu.

Msomaji atauliza: vipi tukipata utando bora zaidi, mwepesi, wa ajabu? Hapa ndipo penye siri, maana kiwango hiki hakiuhusu utando. Kinahusu kuchanganyika kwenyewe.

Fikiria Mto Tana. Maji ya Chania na Gura, ya Sagana na mito mingine ya mlima, hukusanyika yakawa Tana. Yanapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kila bwawa linayatoza umeme kwa sababu yanaanguka. Kisha yanatambaa kwenye tambarare mpaka Kipini, yanaingia baharini. Tunadhani safari imekwisha, hakuna tena pa kuanguka. Lakini pale Kipini maji matamu yanapojichanganya na chumvi kuna kushuka kwengine kusikoonekana. Kuchanganyika kunatokea kwenyewe, hakuna anayekoroga, na kila kinachotokea chenyewe kinapoteza uwezo wa kufanya kazi, kama jiwe linaloporomoka. Uwezo huo wataalamu huuita nishati huru. Ukiuhesabu kwa mto unaoingia kwenye bahari kubwa, kila mita ya ujazo inapoteza uniti 0.75. Ni ile ile. Ni sawa na maporomoko ya mita 270 yaliyojificha mdomoni mwa mto.

Sasa tuseme amekuja fundi anayesema mtambo wake unatoa chumvi kwa uniti 0.5 tu kwa kila mita. Ningemwambia: vizuri, chukua maji yako matamu uyapeleke kwenye mtambo wa pili, unaoyachanganya na bahari polepole kupitia utando na kuvuna kazi yake yote, uniti 0.75. Tumia 0.5 kutoa chumvi tena, ubakiwe na 0.25 za bure. Rudia. Bahari iko vile vile, maji ni yale yale, hakuna mafuta yaliyochomwa, na umeme unatoka milele. Jambo hilo haliwezekani katika dunia hii, kwa hivyo mtambo wake wa 0.5 hauwezekani pia. Huhitaji hata kuufungua kuangalia ndani.

Mtambo wa kuvuna si ndoto tupu. Kampuni ya Statkraft ya Norwei ilifungua wa majaribio huko Tofte mwaka 2009, mto ukikutana na bahari, kisha ikausimamisha mradi mwaka 2013 kwa sababu umeme uliopatikana haukulipia gharama ya tando. Kanuni ilikuwa sahihi, biashara ndiyo iliyokataa.

Kuna na ujanja mwengine ambao vijana wa pwani huniletea: tuzamishe utando chini ya bahari, mita 270, uzito wa bahari wenyewe usukume maji yapite. Ni kweli, yatapita. Lakini yatapita yakiwa chini, mita 270 chini ya mashua yako, na utatakiwa uyapandishe. Kupandisha mita moja ya ujazo mita 270 ni uniti 0.75 hivi. Umezunguka, umerudi pale pale.

Kwa nini mtambo wa kweli hula zaidi

Uniti 0.75 ni ya mtu anayechota tone moja kwenye bahari nzima. Mtambo haufanyi hivyo. Maji yanayoingizwa lazima yachujwe kwanza mchanga, mwani na matope, na kazi hiyo ni ghali, kwa hivyo ukishaingiza mita mbili za bahari unataka utoe angalau mita moja ya maji matamu. Hiyo ni nusu kwa nusu. Lakini kadiri maji matamu yanavyotoka, yanayobaki yanakolea. Yakifika nusu, chumvi iliyokuwa gramu 35 kwa lita imekuwa 70, na shinikizo limekaribia baa 54.

Kama ungekuwa na uvumilivu wa kuongeza presha kidogo kidogo kufuata chumvi inavyokolea, kazi ya chini kabisa ni hii, r ikiwa ni sehemu ya maji unayoyatoa:

w = (π / r) × ln(1 / (1 − r))

Tia r = 0.5 na π = 0.75 katika uniti, utapata karibu uniti 1.04 kwa mita. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kanuni kwa mtambo wa nusu kwa nusu. Lakini pampu moja haiongezi presha kidogo kidogo. Husukuma kwa presha moja tangu mwanzo, na presha hiyo lazima ishinde maji makali ya mwisho, baa 54. Hapo tayari ni uniti 1.5. Mitambo halisi hupandisha mpaka baa 60 au 70 ili maji yapite kwa kasi inayofaa. Ongeza hasara ya pampu na mota, ongeza umeme wa kuvuta maji baharini, kuyachuja mwanzo na kuyasukuma mjini. Mtambo mzuri wa kisasa hutumia kwa jumla uniti 3 mpaka 4 kwa mita.

Hata hiyo 3 mpaka 4 inategemea chombo kimoja. Yale maji makali yanayobaki yanatoka bado yana presha karibu yote uliyoyatia. Ukiyaachia tu yamwagike, umemwaga umeme baharini. Mtambo wa kisasa una kifaa cha kurudisha presha hiyo kwa maji mapya yanayoingia. Bila kifaa hicho, hesabu ya baa 60 kwa nusu kwa nusu inafika uniti 3.3 kabla ya hasara yoyote, na karibu 4 ukitia hasara ya pampu, na hapo bado hujavuta maji wala kuyachuja. Kwa hivyo ukiambiwa mtambo ni wa bei nafuu, uliza kwanza kama kifaa hicho kimo.

Na mtu atajuaje kwamba mtambo unaanza kuharibika? Presha. Utando ukiziba kwa matope, au kwa vijidudu, au kwa magadi yanayoganda juu yake maji yanapokolea, fundi hulazimika kupandisha presha ili apate maji yale yale, na uniti kwa mita zinapanda wiki hadi wiki. Ukiona upande wa pili, kwamba presha iko pale pale lakini maji yanaanza kuonja chumvi, utando umechanika au mpira wa kuzibia umelegea. Namba hizo mbili, uniti kwa mita na chumvi ya maji yanayotoka, zikibandikwa hadharani kila mwezi, hakuna atakayeficha kitu.

Hesabu ya Mombasa

Tulete nyumbani. Mwaka 2018 na 2019, wakati wa Gavana Hassan Joho, tulitangaziwa mitambo miwili: mmoja wa mita 100,000 kwa siku na kampuni ya Almar ya Uhispania, na mwengine wa mita 30,000 Likoni. Miaka imepita, maji hayo hayajafika mferejini. Lakini wazo halijafa, kila uchaguzi linafufuliwa, kwa hivyo tulipime.

Chukua mtambo mkubwa, mita 100,000 kwa siku, uniti 3.5 kwa mita. Ni uniti 350,000 kila siku, sawa na mashine ya megawati 14 na nusu isiyozimwa usiku wala mchana. Kituo cha Masinga, cha kwanza kati ya yale mabwawa matano ya Tana, kina megawati 40. Kwa hivyo ni zaidi ya theluthi ya Masinga kwa mtambo mmoja wa maji. Tukikadiria uniti ni shilingi 20, ni shilingi milioni 7 kwa siku, zaidi ya bilioni 2.5 kwa mwaka, umeme pekee.

Mtambo bora utakaobuniwa siku zijazo, unaotoa nusu kwa nusu na kufikia kiwango cha kanuni bila hasara hata chembe, bado utakula uniti 104,000 kwa siku, karibu shilingi milioni 2.1. Chini ya hapo hakuna. Nyeri, mteremko hauletewi bili.

Lakini ngoja, tugeuze upande wa pili wa sarafu, maana hesabu hii haiwapi raha wapinzani wa mitambo pia. Uniti 3.5 kwa shilingi 20 ni shilingi 70 kwa mita, yaani shilingi moja na senti arobaini kwa mtungi. Mtaani kwetu mtungi wa mkokoteni ni shilingi 20, siku za shida unapita hapo. Ukiondoa umeme wote wa kutoa chumvi, mtungi ule ungeshuka kwa shilingi moja na kitu. Kwa hivyo anayesema maji ya bahari "ni ghali mno kwa mnyonge" aangalie mnyonge analipa nini sasa. Kinachomuumiza si fizikia.

Kinachomuumiza ni mabomba. Karibu nusu ya maji yanayoingia kwenye mtandao wa Mombasa hayalipiwi: mengine yanavuja, mengine yanaibwa. Maji ya mteremko yakivuja, umepoteza maji. Maji ya bahari yakivuja, umepoteza maji na uniti 3.5. Ukipoteza nusu, kila mita inayofika nyumbani imekula uniti 7, na ile milioni 7 kwa siku nusu yake imemwagwa kwenye mitaro. Hakuna utando utakaokuokoa na hasara hiyo, kwa sababu inatokea maji yakishatoka mtamboni. Kutoka 3.5 mpaka kwenye 1.04 ya kanuni, ambayo hakuna atakayeifikia, ungeokoa uniti 4.9 kwa kila mita inayofika nyumbani. Kuziba mabomba kunaokoa 3.5, na fundi wa kuziba yupo hapa hapa.

Upande mwengine ni visima. Maji ya visima vingi vya kisiwani na Lamu si ya bahari, ni ya chumvi kidogo. Kisima chenye gramu 5 kwa lita kina shinikizo la karibu baa 4, na kiwango chake cha chini ni uniti 0.11 kwa mita, sehemu moja ya saba ya bahari. Hapo ndipo mtambo mdogo wa jua unapopata nguvu. Kiunga, Lamu, shirika la GivePower liliweka mtambo wa jua mwaka 2018, wa lita 75,000 hivi kwa siku, na watu wanakunywa. Tahadhari ni moja: kisima cha pwani kikivutwa sana, bahari inaingia chini kwa chini. Pima chumvi kila wiki. Ikianza kupanda, punguza pampu, la sivyo mtambo wako wa baa 4 utajikuta unapigana na baa 27.

Basi tujibu nini?

Mradi wa bwawa la Mwache kule Kwale umekusudiwa kutoa mita 186,000 kwa siku. Mzima, iliyotuletea maji kwa mteremko tangu miaka ya 1950, kila mara inazungumziwa bomba la pili. Mimi sisemi bahari iachwe. Nasema ije zamu yake: kwanza mabomba yazibwe, kisha maji yanayoteremka yaletwe, na bahari iwe akiba ya miaka ya ukame, wakati ambapo mabwawa na chemchemi hupungua lakini bahari haipungui. Mkataba ukiwa wa kulipia mtambo kila siku hata mvua ikinyesha na mabwawa yakijaa, tutakuwa tumenunua akiba kwa bei ya chakula cha kila siku.

Na siku muuzaji atakapokuja tena na michoro ya rangi, tumuulize mambo matatu mbele ya watu. Uniti ngapi kwa mita, kwa jumla, mpaka mferejini? Akisema chini ya 0.75, mshukuru kwa chai na umsindikize. Akisema moja na kitu, muulize anatoa sehemu gani ya maji anayoyaingiza, na kama amehesabu pampu ya baharini. La pili, presha ya maji makali unairudisha kwa kifaa gani? La tatu, hayo maji makali ya gramu 70 kwa lita unayamwaga wapi? Yakimwagwa kwenye hori lililotulia kama Tudor, yanazama na kukaa chini penye mazalio ya samaki na mizizi ya mikoko; yakipelekwa kwenye mkondo wa bahari wazi kwa bomba lenye matundu mengi, yanazimuka upesi.

Nilimpigia simu shemeji juzi nikampa jibu lake. Nilimwambia kupandisha mita moja ya maji kutoka bahari yetu mpaka Majengo ya Nyeri ni uniti 4.8, zaidi ya kuyatoa chumvi hapa hapa kwa mtambo mzuri. Jua linamfanyia yote mawili, linamtolea chumvi na linampandishia, halafu yeye anafungua mfereji.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi nikija Ramadhani nitawaletea mtungi."